Video ya matanga iliyojificha nyuma ya blob: kisa kimoja cha Kisumu

Majina yote nimetoa, ya watu, ya kampuni na ya saiti. Anwani utakazoona hapa nimezibadilisha pia. Kila kitu kingine kilienda hivi hivi, mwenye video alikubali kiandikwe, na nimekiandika manake ndani yake kuna makosa yangu kadhaa ambayo naona watu wakirudia kila wiki.

## Hali ilivyokuwa

Mimi niko na kaofisi kadogo Kisumu, kompyuta nne, printa moja, na kazi za hapa na pale. Jumanne jioni akaja mwalimu mstaafu wa upande wa Vihiga na simu mkononi. Mama yake alizikwa mwaka uliotangulia, na watoto walio ng'ambo hawakuweza kuja, kwa hivyo familia ililipa kijana wa kamera arushe ibada moja kwa moja. Ibada ikakaa kwa saiti ya huyo kijana, kwa ukurasa wa kumbukumbu, video ya saa mbili na dakika arobaini ndani ya pleya.

Sasa yule kijana alikuwa anafunga hiyo huduma. Alituma ujumbe kwamba Ijumaa kila kitu kinazimwa. Mwalimu akamuuliza kama ana kopi, akasema diski aliyoweka ilikufa na kule anakohifadhi video hana kitufe cha kudaunlodi kwa ile pakeji yake, ila familia ikipata mtu wa kuitoa yeye hana neno. Hiyo nilitaka kuiona kwa maandishi kabla sijashika chochote. Mwalimu akanionyesha WhatsApp, imeandikwa wazi. Video ni ya familia, aliyerekodi amekubali, na hakuna kufuli ya kulipia. Ingekuwa filamu ya watu ningemrudishia simu yake.

"Kijana wangu," akaniambia, "mimi nataka tu kusikia ile kwaya tena hata huo mtandao wenu ukizimwa."

## Jaribio la kwanza, na ukuta wa blob

Nilifungua ukurasa kwa Chrome, nikabonyeza kitufe cha kulia juu ya video nikitarajia ile "hifadhi video kama". Haikuwepo, pleya ilikuwa na menyu yake yenyewe. Nikaingia Elements, kichupo cha brauza kinachoonyesha kodi ya ukurasa, nikatafuta `<video`, na hiki ndicho nilichokuta:

```
<video src="blob:https://pleya.example/3f1c9a52-..."></video>
```

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanakopi hiyo blob, wanabandika kwa tabo ingine, haifunguki, wanasema video imefungwa. Haijafungwa. Blob ni kama namba ya meza hotelini: ndani ya hiyo hoteli ina maana, ukienda nayo hoteli ya jirani hawajui unasema nini. Skripti ya pleya inachota video vipande vipande kutoka seva, inavipanga kwa memori ya brauza, halafu inaipa tagi ya video hiyo namba ili isome kutoka hapo. Anwani ya kweli haiko kwa tagi. Lakini kila kipande kimetoka mahali fulani kwa mtandao, na chochote kinachopita kwa mtandao kichupo cha Network kinakiona.

Kitu kimoja ile blob ilinipa bure na mimi nikakipita tu bila kukitia maanani. Baada ya neno blob kuna `https://pleya.example`, na ukurasa nilioufungua ulikuwa kwa saiti tofauti kabisa. Maana yake pleya ilikuwa ndani ya `iframe`, yaani saiti nyingine imepachikwa ndani ya hii. Hilo lilikuja kuniuma baadaye kidogo.

## Ndani ya Network

Nikabonyeza F12 (kwa laptopu zingine ni Fn na F12 pamoja, ama Ctrl+Shift+I) nikaenda Network. Video ilikuwa tayari inacheza. Nikaona mistari inaongezeka, kila sekunde chache mmoja, `seg-00041.ts`, `seg-00042.ts`, `seg-00043.ts`. Kila moja kipande cha sekunde sita.

Nikafurahi mapema. Vipande ninaviona, lakini orodha inayosema viko vingapi na vinaanzia wapi siioni. Hesabu mwenyewe: saa mbili na dakika arobaini ni sekunde 9600, gawa kwa sita, vipande 1600. Nani atakopi moja moja.

Kosa langu la kwanza ndilo hilo, nilifungua Network nikiwa nimechelewa. Network haina historia ya kabla ufungue hizi zana za F12, inaanza kuandika pale unapozifungua. Na orodha ya vipande, kwa video iliyokwisha kurekodiwa, pleya huiomba mara moja tu mwanzoni halafu haiulizi tena. Nilipofika ilikuwa imeshapita. Kwa hivyo nikaacha Network wazi, nikatiki Preserve log ili mistari isifutike ukurasa ukijirudia, nikatiki Disable cache ili brauza isinipe kitu cha zamani, nikarefreshi, halafu ndio nikabonyeza kucheza.

Jambo jingine linalopoteza watu: pale juu kuna vichujio, na mtu akisikia video anabonyeza Media. Mimi nikabonyeza Media, nikapata patupu. Media inaonyesha faili ambazo tagi ya video ama audio imeziomba yenyewe, kwa mfano `.mp4` moja ndefu ama redio ya mtandaoni. Hapa aliyeomba ni skripti, kwa hivyo kila kitu kilikuwa chini ya Fetch/XHR. Ukitaka kuhakikisha angalia safu ya Initiator, kwangu ilisema `hls.min.js`, na hapo ukishaona hls, ile njia ya kurusha video vipande vipande, unajua unatafuta faili la mwisho wake `m3u8`.

Nikaandika `m3u8` kwa kisanduku cha kuchuja. Mistari mia moja na kitu ikabaki mitatu:

```
master.m3u8?exp=...&sig=...
index.m3u8?exp=...&sig=...
index.m3u8?exp=...&sig=...
```

Nikabonyeza wa kwanza, upande wa kulia nikaenda Response, na yote ikawa wazi mbele yangu. Nimepunguza ili isomeke:

```
#EXTM3U
#EXT-X-MEDIA:TYPE=AUDIO,GROUP-ID="aud",NAME="sw",DEFAULT=YES,URI="audio/index.m3u8?exp=..."
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=2800000,RESOLUTION=1280x720,AUDIO="aud"
720/index.m3u8?exp=...
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=800000,RESOLUTION=640x360,AUDIO="aud"
360/index.m3u8?exp=...
```

Hii ni orodha kuu. Yenyewe haina picha wala sauti, inasema tu kwamba video iko ya ukubwa mbili, na pleya ichague kulingana na nguvu ya mtandao. Zile orodha ndogo ndio zina vipande. Mwalimu alikuwa amekaa kando yangu anachungulia, akauliza, "Hii ndiyo video?" Nikamwambia hapana mwalimu, hii ni kama rejista ya darasa, watoto wenyewe wako nje.

## Anwani ninayo, lakini seva inakataa

Nikakopi anwani ya orodha kuu nikaifungua kwa tabo mpya. 403. Seva imekusikia vizuri tu, imekataa.

Ndani ya pleya inakubali, nje inakataa, kwa hivyo kuna kitu pleya inatuma ambacho mimi situmi. Nikarudi kwa ule mstari, Headers, nikateremka hadi Request Headers na kusoma moja moja. Cookie haikuwepo. Kulikuwa na Referer, ambayo ndiyo brauza huambia seva "nimetumwa na ukurasa huu". Ukiandika anwani wewe mwenyewe kwa tabo mpya, hakuna aliyekutuma, kwa hivyo Referer haiendi.

Nikaweka Referer kwa amri ya ffmpeg, programu ya kuvuta na kubadilisha video, lakini nikaweka ya ukurasa wa kumbukumbu. 403 tena. Nikakaa kama dakika ishirini nikishuku ile sahihi ya mwisho wa anwani, ile `sig`, nikirefreshi, nikikopi upya, bure. Mpaka nikasoma heda kwa macho badala ya kwa mazoea: Referer ilisema `https://pleya.example/`, ile ile iliyokuwa kwa blob. Anayeomba ni iframe, si ukurasa unaouona juu. Nilipoweka hiyo ikafunguka mara moja.

## Dakika moja ya kujaribu

Kabla sijala bando nilipiga hesabu. Ile BANDWIDTH ya 2800000 ni biti kwa sekunde kwa kiwango cha juu, ukigawa kwa nane ni kama kilobaiti 350 kwa sekunde, mara sekunde 9600 unapata kama gigabaiti 3.4. Kawaida inakuja chini ya hapo, lakini hicho ndicho kiasi cha kujipangia. Ya 360 ingekuwa chini ya gigabaiti moja. Mwalimu akasema anataka ile nzuri, atanunua bando.

Nikaamua nivute dakika moja tu kwanza. Uamuzi mzuri kuliko yote niliyofanya wiki hiyo, manake nilikuwa nimechukua anwani ya `720/index.m3u8` moja kwa moja, nikiona ndiyo picha kubwa, ya nini kupitia orodha kuu.

```
ffmpeg -headers "Referer: https://pleya.example/" -i "https://cdn.example/ibada/720/index.m3u8?exp=...&sig=..." -t 60 -c copy jaribu.mp4
```

Picha ikaja safi kabisa, hema, migomba, watu wameketi. Kimya. Pasta anafungua mdomo, hakuna kitu. Nikaongeza sauti ya laptopu, nikabadilisha spika, mwalimu akaniangalia. Nikarudi kwa ile orodha na jibu lilikuwa pale mstari wa pili: `TYPE=AUDIO`, na `URI` yake mwenyewe. Sauti ilikuwa imetengwa na picha. Ukichukua 720 peke yake unapata picha peke yake, na ile `AUDIO="aud"` kwa mstari wa picha ndiyo inasema sauti yangu iko kwa kikundi kile. Ukiipa ffmpeg orodha kuu inachukua picha yenye ukubwa zaidi na sauti yake pamoja. Nikabadilisha anwani, nikavuta dakika moja tena, kwaya ikasikika. Mwalimu hakusema kitu, alishika tu meza.

Kwa walio kwa Windows, hizo alama za kunukuu kando ya anwani msiziache. Katikati ya anwani kuna `&`, na bila nukuu amri inakatika hapo hapo, sahihi haifiki, unapewa 403 na unaanza kulaumu seva.

## Usiku wa Jumanne, na faili fupi

Saa mbili usiku nikaanzisha kazi yenyewe, bila `-t 60`, nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa imeisha, faili lipo, linacheza, sauti ipo. Nikampigia mwalimu nikamwambia tayari. Walai hapo ndipo nilijiaibisha, manake asubuhi nilipoliangalia lilikuwa la saa moja na dakika ishirini na mbili. Nusu ya ibada. Mazishi yenyewe hayakuwemo.

Nikapanda juu kwa maandishi ya ffmpeg, na kuanzia mahali fulani kila mstari ulikuwa 403 na "Failed to open segment". Ikishindwa kipande inaandika onyo, inaruka hadi kinachofuata, na mwisho inafunga faili vizuri kana kwamba hakuna lililotokea. Faili kucheza si ushahidi kwamba limekamilika.

Sababu ilikuwa kwa ile `exp`. Hiyo namba ndefu ni saa, sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970. Nilitoa saa ya sasa kwa hiyo namba ya anwani mpya nikapata 3600, kumbe anwani inaishi saa moja tu. Na usiku mtandao wangu ulikuwa unatembea kama megabiti tatu kwa sekunde, majirani wote wako kwa simu. Megabiti tatu kwa saa moja ni kama gigabaiti 1.35, na ibada nzima ilikuja kuwa gigabaiti 2.6. Hesabu haikuwa inaweza kukubali hata tungeomba.

Nilikuwa na njia mbili. Kuchukua anwani mpya na kuvuta nusu iliyobaki kisha kuziunganisha, ama kuvuta yote wakati mtandao una nguvu. Kuunganisha kunawezekana lakini mpaka uhakikishe hakuna sekunde zilizopotea pale zinapokutana, na hii ni ibada ya mtu, sikutaka kukata neno la mtu katikati. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri Alhamisi, nikarefreshi ukurasa, nikachukua anwani mbichi, nikaanza hapo hapo. Mtandao ulikuwa kama megabiti kumi na mbili. Ikaisha kwa nusu saa.

Safari hii nilipima kabla ya kumpigia mtu:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration -of csv=p=0 ibada.mp4
```

Ikasema 9598 na desimali zake. Pleya ilisema 2:39:58. Nikachungulia mwanzo, katikati, na dakika tano za mwisho, halafu ndio nikashika simu.

## Matokeo

Faili likaenda kwa flashi mbili na diski moja ya nje, alhamisi kijana wa kamera naye akaomba kopi ya kuweka. Ijumaa saiti ikazimwa kweli.

## Nilipopatia na nilipoharibu

Kuanza na ruhusa kwa maandishi kuliokoa maneno, na kuvuta dakika moja kwanza kuliokoa gigabaiti mbili na nusu za video bubu. Kusoma Response ya orodha kuu ndiko kulikotatua suala la sauti, na ningeisoma yote badala ya kurukia neno 720 hata hilo jaribio la kwanza lisingekuwepo.

Nililoharibu zaidi ni Referer. Dalili zote mbili nilikuwa nazo, blob na heda, na bado nilipoteza dakika ishirini kwa kudhani. Sasa hivi nikiona pleya ya kupachikwa kitu cha kwanza ninachotafuta ni saiti ya iframe, hata kabla ya m3u8.

Lingine ni dogo lakini lingekuwa baya. Kwa Network ukibonyeza mstari kwa kitufe cha kulia kuna Copy as cURL, inakupa ombi zima na heda zake zote. Nilikuwa nimekopi hiyo nikataka kuibandika kwa kikundi cha WhatsApp cha mafundi niulizie ile 403. Kwa kisa hiki haikuwa na cookie, lakini kwa saiti uliyoingia na nywila yako ingekuwa nayo, na ukiituma hivyo umewapa watu funguo za akaunti yako. Nilifuta kabla sijatuma. Ukitaka kuuliza kitu, toa cookie na sahihi kwanza.

Na njia hii ina mwisho wake. Ndani ya orodha ndogo wakati mwingine utakuta `#EXT-X-KEY:METHOD=AES-128` na anwani ya ufunguo, hiyo ffmpeg inaufuata yenyewe kama seva inakuruhusu. Lakini ukiona pleya inaomba leseni, kama zile za Widevine, vipande utaviona kwa Network kama kawaida na havitakusaidia, kufunguliwa kunafanyika mahali ambapo Network haifiki. Hapo mrudie mwenye video akupe faili.

Wiki iliyofuata mwalimu akarudi. Hakutaka video safari hii, alitaka kwaya tu, ya kuweka kwa simu asikilize akienda shamba. Hiyo haikuhitaji mtandao tena, wimbo ulianzia dakika ya hamsini na mbili:

```
ffmpeg -ss 00:52:10 -t 00:06:30 -i ibada.mp4 -vn -c copy kwaya.m4a
```